Picha Iliyoitwa ya Huzuni

Tangu nipate akili, picha ya harusi ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa na jina lake pale nyumbani Ikungi. Tuliiita picha ya huzuni. Watu wazima waliitaja hivyo bila maelezo, nasi watoto tukaipokea hivyohivyo. Ndani yake amesimama binti mwembamba mwenye gauni jeupe, ubavuni mwake kijana aliyevaa koti lililompwaya mabegani, na midomo ya binti yule imefumbwa kwa nguvu, pembe zake zimevutwa chini. Mama mdogo alikuwa na hakika kwamba bibi aliozwa bila kutaka. Alipokuwa akigombana na wajomba kuhusu mchumba wake mwenyewe, picha ile ilikuwa shahidi wake: mwangalieni mama, nendeni mkamwangalie mlivyomfanya.

Bibi mwenyewe hakuulizwa. Kwanza haikuwa desturi kumhoji mama mkwe wa watu juu ya mapenzi ya ujana wake. Pili, picha ilikuwa imeharibika kiasi kwamba yeye aliihesabu kuwa haipo. Ilining'inia chumba cha ndani, penye giza, na macho yake yalipoanza kufifia akaacha hata kuigeukia. Niliwahi kumsikia akisema, "Hiyo ilishakufa, hilo ni jeneza lake tu limebaki."

Nilipoamua kuirejesha sikuwa na nia ya kuchunguza ndoa ya mtu. Kazi yangu ni ya picha, na ilinikera kuona ya kwetu ikioza wakati nalipwa kuokoa za wengine.

Ndoa ilifungwa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, mavuno ya uwele na mtama yalipokwisha. Ikungi wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Singida. Haikuwa na wilaya yake kama ilivyo tangu 2012. Misa ilikuwa Makiungu, kwa wamisionari, na huko hapakuwa na mpiga picha. Jambo hili vijana wa leo wanalisahau. Bibi arusi wa sasa anazungukwa na kamera tangu saluni hadi ukumbini, lakini vijijini miaka ile picha ya harusi mara nyingi haikupigwa siku ya harusi. Nguo zilikunjwa, zikahifadhiwa, na siku ya gulio au ya safari nyingine ya mjini wawili wale walizibeba kwenye furushi, wakazivaa nyuma ya pazia la studio, wakasimama mbele ya kitambaa kilichochorwa ngazi na chungu cha maua. Kwa hiyo picha tunayoiita ya harusi ni picha ya watu waliokwisha kuoana, pengine wakiwa na wiki kadhaa za kuzoeana. Hili peke yake lingetosha kuitia shaka hadithi ya mama mdogo, lakini nani alilijua?

Kwanza niligeuza fremu niangalie mgongo wake. Studio nyingi za zamani zilipiga muhuri nyuma ya picha na kuandika namba ya negativu, ili mteja akitaka nakala nyingine arudi na namba ile. Negativu ikipatikana, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu haijawahi kutundikwa ukutani wala kupigwa na moshi. Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilitunza negativu zake vizazi kwa vizazi, na mtu anaweza kumkuta babu yake mle. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Nyuma kulikuwa na kadibodi iliyoliwa, na kivuli cha muhuri wa zambarau usiosomeka. Studio yenyewe haipo tena Singida mjini, na hakuna anayejua makasha yake yalikwenda wapi.

Ili kuelewa kilichoiua picha ile, inabidi uijue nyumba ilimokaa. Bibi na babu walianzia maisha kwenye tembe, nyumba ya Kinyaturu yenye paa tambarare la miti na udongo, na moto wa kupikia ukiwaka humohumo ndani. Picha nyeusi na nyeupe ya miaka ile si wino juu ya karatasi. Ni chembe ndogo sana za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini ni gundi inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Moshi huichafua juu, na gesi zenye salfa zilizomo hewani huigeuza ile fedha polepole kutoka nyeusi kuwa hudhurungi, kisha manjano. Kama aliyeisafisha kwenye chumba cha giza alikuwa na haraka, au maji yalikuwa haba, dawa ya kukazia picha hubaki ndani ya karatasi nayo huanza kuila kutokea humo humo. Singida ni nchi ya ukame, yenye msimu mmoja wa mvua, na ni rahisi kuamini kwamba wapiga picha wake hawakuwa na maji ya kuchezea.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika. Picha ilisafiri juu ya mkokoteni, chini ya magunia, ikakaa msimu wa kwanza wa mvua chini ya paa lililokuwa bado halijaezekwa vizuri. Jelatini ikilowa hulainika na kunata. Ikikauka hushikana na chochote kilichoigusa. Hapo ndipo uso wa bibi ulipogandana na kioo cha fremu. Mchwa nao wakapanda ukutani, wakala kona ya chini upande wa kulia: kiatu kimoja cha babu, sehemu ya gauni, na mkono wa kushoto wa bibi kuanzia kifundoni.

Unaweza kujua kama picha imeganda kwenye kioo bila kuigusa. Iinamishe kidogo dirishani uitazame kwa mshazari. Pale palipogandana huonekana peusi na penye kung'aa, mithili ya karatasi iliyomwagikiwa maji, na pale ambapo bado pana hewa huonekana pamepauka. Yetu ilikuwa na doa la namna hiyo lililofunika mashavu na macho ya bibi arusi. Ukiivuta picha ya hivyo, utando wote wa jelatini hubaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi nyeupe. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakitaka tu kuifuta vumbi.

Kabla yangu mjomba alikuwa amejaribu njia ya mkato. Aliipiga picha ile kwa simu ikiwa ukutani, mwanga wa dirisha ukiwaka juu ya kioo, akaituma kwa fundi wa studio moja ya mjini. Ilirudi imechapwa kwa rangi, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Binti aliyekuwemo alikuwa mzuri. Ngozi yake ilikuwa laini bila kinyweleo, na imeng'arishwa mpaka ikakaribia rangi ya chai ya maziwa. Pembe za midomo zimenyanyuliwa kidogo ili afurahi. Mkono wa kushoto umechorwa upya, na kidoleni pete ya dhahabu. Tai ya babu ilipewa rangi nyekundu. Mama aliitazama, akaifunga kwenye kanga, akaisukuma chini ya kitanda. "Hii hamumpelekei mama yangu," alisema, na mjomba hakubisha.

Simlaumu sana fundi yule. Aliombwa kitu kizuri, na alichotumiwa hakikuwa na habari za kutosha. Penye habari pungufu mkono hujaza kwa mazoea, na mazoea ya studio zetu ni kumfanya kila bibi arusi awe mweupe, awe laini, acheke, avae dhahabu. Rangi nazo hazimo kabisa katika picha nyeusi na nyeupe: nyekundu na kijani zinaweza kutoa kijivu kilekile, na hakuna mashine wala jicho linaloweza kusema tai ile ilikuwa ya namna gani. Anayeipaka nyekundu anasimulia hadithi yake. Ndio maana ninapofanya kazi hii sipaki rangi hata kidogo, labda mwenye kuikumbuka awe amekaa pembeni yangu.

Niliichukua fremu nzima, nikakifuta kioo kwa nje tu, nikaipeleka ilivyo kwa rafiki mwenye skana nene ya kizamani. Unene huo una maana yake. Skana nyembamba za siku hizi, zile zinazokula umeme kupitia waya wa kompyuta, huona vizuri kitu kilichogusa uso wake tu. Kitu kikiwa milimita mbili tatu juu yake, kama picha iliyoganda nyuma ya kioo chake, hutoka na ukungu. Zile nene zina lenzi na kioo cha kuakisi ndani, kwa hiyo jicho lao linafika mbali kidogo. Asiye nayo anaweza kutumia kamera iliyofungwa kwenye stendi, ikiitazama picha moja kwa moja, na taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikipiga kwa mshazari wa nyuzi 45 ili mwanga usirudi kwenye lenzi.

Picha ilikuwa ya ukubwa wa kadi ya posta, yapata sentimita 9 kwa 14. Niliiskani kwa 600 dpi, kipimo kinachoruhusu kuichapa mara mbili ya ukubwa wake bila kupoteza kitu. Niliiskani kwa rangi, ingawa ni nyeusi na nyeupe, na hapa ndipo wengi huharibu. Ukiiambia skana kwamba kitu hiki hakina rangi, inachanganya doa na sura kuwa kijivu kimoja, na baada ya hapo huwezi tena kuvitenga. Ukiiskani kwa rangi, kompyuta huhifadhi picha tatu kwa mpigo: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Doa la manjano au hudhurungi linameza mwanga wa bluu, kwa hiyo kwenye bluu linaonekana jeusi tii. Kwenye nyekundu linafifia, pengine linapotea kabisa, na kilichofichwa chini yake kinatokeza. Faili la kwanza nililihifadhi kama TIFF bila kuligusa, na sijaligusa mpaka leo. Kazi yote ilifanyika juu ya nakala.

Nilipofungua sehemu nyekundu peke yake, lile doa la mashavu na macho lilipungua likawa ukungu mwepesi. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wote wa bibi arusi, wakati sisi sote tulikuwa tumelelewa na midomo yake tu. Macho hayakuwa yakitazama kamera. Yalikuwa yamekwenda pembeni, upande wa kushoto wa mpiga picha, na kope za chini zilikuwa zimepanda, zimeyafanya macho membamba. Mashavu yalikuwa yamejaa, yameinuka. Nilikaa nikilitazama jambo lile. Nilitarajia mtu mwenye huzuni ashushe mashavu pamoja na midomo. Huyu alikuwa ameshusha midomo na kuinua mashavu. Lakini sura ya mtu kwenye skrini inakubali kusomwa utakavyo, kama mama mdogo alivyokuwa amethibitisha kwa miaka mingi, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya uvumilivu. Mikwaruzo ya kioo niliiondoa mmoja mmoja, nikikopa chembechembe za jirani yake. Kwenye kingo, ambako si doa bali sura yenyewe ilikuwa imegeuka manjano, ilibidi nifanye kinyume na kuchukua sehemu ya bluu, maana huko manjano ndiyo picha. Kwenye ngozi sikulainisha chochote. Sehemu iliyoliwa na mchwa niliijaza kijivu tulivu kinacholingana na sakafu, bila kuchora kiatu wala mkono. Ungeweza kuchukua mkono wa kulia ukaugeuza, ungekaa vizuri tu na hakuna mgeni angegundua. Ila usingekuwa mkono wake.

Nilichapa kwa ukubwa wa sentimita 18 kwa 28, kwenye karatasi isiyong'aa. Bibi amepata mtoto wa jicho, jicho moja limefanyiwa upasuaji na la pili linasubiri, na kwa macho ya namna hiyo karatasi ya kung'aa ni adha: kila anapoisogeza anaona mwanga tu. Simu ndiyo mbaya zaidi. Kijisura cha ukubwa wa kidole gumba, juani, halafu mjukuu anauliza kwa sauti, "Bibi, unamjua huyu?" Mzee anatikisa kichwa kwa heshima, na watu wanaondoka wakisema hakumbuki kitu.

Binamu zangu walikuwa wameshajipanga kurekodi. Siku hizi kuna mtindo huo, mzee anapewa picha yake ya ujana na kamera imemkazia usoni ikingojea machozi. Niliwaomba waweke simu mifukoni. Mtu anayejiona kijana baada ya zaidi ya nusu karne ana haki ya kutengeneza uso wake bila watazamaji, na machozi yanayosubiriwa na umati mara nyingi hutolewa kwa adabu tu, ili wageni wasirudi mikono mitupu.

Tulikaa asubuhi upande wa kivuli wa nyumba, baada ya uji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaongeza kama kawaida yake, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Huo ni utani wake kwangu tangu utotoni. Nikampa picha mkononi, nikanyamaza.

Kwanza aliikagua nguo. Hakugusa uso kabisa. Alilifuata gauni kutoka begani kushuka chini kwa ukucha, akafika kwenye pindo akasimama. "Pindo limekaa upande," alisema. "Nilimwambia yule fundi." Fundi cherehani huyo ni marehemu siku nyingi, lakini bibi alimkemea kana kwamba yuko kibarazani. Kisha akamtazama babu, kwa muda mrefu zaidi, akacheka puani. "Na hilo koti! La studio. Viatu pia vya studio. Vilimbana akawa anasimama mguu mmoja mmoja." Mama aliangalia ile kona iliyoliwa, ambako kiatu hakipo, akaniangalia mimi. Miaka yote tulikuwa tumesikitikia kiatu cha mwenye studio.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Mchwa walikula, bibi."

"Basi," alisema, akaendelea.

Mama mdogo ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa amekuja kutoka Puma kwa ajili hiyo. "Mama, ulikuwa na huzuni siku ile?" Bibi aliinua macho bila kuelewa. Huzuni ipi? Mama mdogo akamwonyesha midomo. Bibi akaisogeza picha karibu na jicho lake zima, akaitazama, na taratibu pembe za midomo yake zikashuka vilevile na mashavu yakapanda vilevile. Halafu ikamtoka. Alicheka mpaka akaomba maji.

Ilikuwa hivi. Walikwenda mjini watatu, yeye, mumewe na mdogo wake wa kike aliyekuwa bado msichana mdogo, kwa sababu mwanamke aliyeolewa karibuni hakusafiri na mume bila mtu wa kwao. Pesa ya picha haikuwepo. Walibeba kuku kwenye tenga ili wauze sokoni, kama watu wa Singida walivyofanya na wanavyofanya hadi leo. Kuku wawili walinunuliwa, pesa ikatosha, wa tatu hakupata mnunuzi. Mpiga picha hakutaka kuku aachwe nje bila mtu, wala hakutaka mtoto asimame mlangoni, kwa hiyo mdogo mtu aliingia akasimama kando ya kamera amemkumbatia jogoo wake. Mzee wa studio akawaambia watulie, wasipumue, wasitikisike mpaka atakaposema. Chumba kikawa kimya. Jogoo akawika.

"Angenifukuza ningecheka," bibi alisema. "Na pesa ameshachukua. Nikabana hivi." Akabana tena.

Babu yeye alifanikiwa. Ukimtazama kwenye picha mpya utaona shingo yake imekakamaa. Sasa tunajua kwa nini.

Mama mdogo hakusema kitu kwa muda. Nilimwonea huruma kidogo, maana alikuwa amejengea juu ya midomo ile hoja nzima ya maisha yake. Baadaye alimuuliza mama yake swali ambalo naamini alikuwa amelibeba tangu ujana, kama aliozwa au alipenda. Bibi alijibu kwamba aliozwa, ndiyo, ng'ombe walitolewa na wazee walikaa, yeye akaambiwa baada ya mazungumzo kwisha. Na kwamba alikasirika, akalia, akakataa kula. "Lakini hiyo ilikuwa kabla," alisema. "Siku ya picha nilikuwa nimeshamjua kuwa ni mtu mzuri." Kwa hiyo mama mdogo hakukosea kuhusu huzuni. Alikosea mahali pa kuitafuta. Huzuni ya bibi haikupigwa picha, kwa sababu hakuna anayebeba kuku kwenda mjini kulipia huzuni.

Jambo hilo limenikaa. Tunazo picha chache mno za wazee wetu, moja au mbili kwa maisha mazima, na uchache huo unatufanya tuzitwishe mzigo usio wake. Sekunde moja ya mwaka 1967, iliyoamuliwa na jogoo, ikawa ushahidi wa ndoa nzima. Na sehemu tuliyoisoma haikuwa hata sekunde yote; ilikuwa kile ambacho unyevu na moshi vilikuwa havijakifikia. Kama doa lingeangukia midomo na kuyaacha macho, ukoo wetu ungekua na picha ya furaha, na mama mdogo angekosa shahidi lakini asingekosa swali. Swali lilikuwa na mwenye jibu, naye alikuwa akipika mlenda chumba cha pili.

Baada ya kicheko kupoa, mjomba akaenda chini ya kitanda akaileta ile ya fremu ya dhahabu. Sijui kwa nini, labda kujitetea, labda aliona sasa haina madhara. Bibi aliipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Akaitazama kwa adabu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mmm." Akaigusa pete. "Mimi sikuwa na pete. Ile ya kanisani tuliazima, tukairudisha siku ileile." Akaitazama tena, akamrudishia mjomba. "Ni mzuri. Mkimpata mpelekeeni salamu."

Mjomba alicheka kuliko wote. Fremu ile ya dhahabu sasa ina picha mpya ndani yake, na kwa hilo fundi wa mjini amelipwa haki.

Iliyochakaa haijaondolewa kwenye kioo chake, na haitaondolewa. Nimeifunga kwenye karatasi safi, nikaiweka imelala ndani ya kasha kavu mbali na ukuta, ambako mchwa hawafiki kirahisi. Nyuma ya ile mpya nimeandika mwaka, mahali, majina ya waliomo, na chini yake jina la mdogo wake bibi, ambaye hayumo, pamoja na neno jogoo. Bila maandishi hayo, mjukuu wa mjukuu ataiona midomo ileile iliyobanwa na kuanza upya.

Kama kwenu kuna picha ya namna hiyo na mwenyewe yu hai, usianze na skana. Kaa naye kwanza umuulize nani alikuwepo, nguo ilikuwa ya nani, nani alilipa, na alikuwa akitazama nini. Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya karatasi na baada ya miaka hujitokeza usoni.